Mahari ni pete ya almasi ya karati moja: nichague jiwe lipi kati ya haya mawili?

Kijana_wa_Mkomani:
Assalaam aleikum wanabaraza. Nimeposa hapa Lamu, na mahari tuliyokubaliana mbele ya wazee ni pete ya almasi ya karati moja, jiwe la mviringo, iliyotengenezwa kwa dhahabu ya manjano. Muuzaji wa Mombasa amenitumia vyeti vya mawe mawili ambayo bado hayajapachikwa kwenye pete, vyote viwili vya taasisi ya GIA ya Marekani, nami sijawahi kununua almasi maishani mwangu.

Jiwe la kwanza lina karati 1.01, rangi F, usafi VVS2, lakini ukataji wake umepewa daraja la tatu kati ya madaraja matano. Vipimo vyake ni milimita 6.22 hadi 6.25 kwa upana na 4.12 kwa kina. Bei ni shilingi 710,000. Jiwe la pili lina karati 0.91, rangi H, usafi VS2, na ukataji wake umepewa daraja la juu kabisa. Upana ni milimita 6.21 hadi 6.25 na kina ni 3.84. Bei ni shilingi 450,000. Moyo wangu unaelekea kwenye la kwanza kwa sababu limekamilisha karati, ila tofauti ya bei inanikosesha usingizi. Naomba mnielekeze.

Dafina:
Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, sioni unachobabaikia. La kwanza linalizidi la pili kwa rangi, kwa usafi na kwa uzito, yaani mambo matatu kati ya manne. Herufi za rangi huanzia D, ambayo haina rangi kabisa, na kadiri unavyoelekea Z ndivyo jiwe linavyozidi kuwa la manjano; kwa hiyo F ni karibu na kilele. VVS2 nayo ina maana kwamba hata mtaalamu mwenye lenzi hutaabika kuona dosari. Lipa, chukua cheti chako, uoe.

Mzee_wa_Langoni:
Vijana wa siku hizi mnatishwa na maneno. Karati moja ni kitu gani? Dhahabu ya karati moja ni sawa na shaba. Waambie wakwe zako kwamba hapa kwetu bibi harusi huvishwa karati 21 au 22, na chini ya hapo ni kumdharau binti wa watu.

Sonara_Malindi:
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo uliyoitaja ni karati ya dhahabu, ambayo huhesabu sehemu za dhahabu halisi katika sehemu 24. Karati ya almasi ni uzito tu, na moja ni sawasawa na gramu 0.2. Neno ni lile lile, lakini mizani ni mbali mbali, na nimeona watu wakigombana dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana. Dafina amezisoma herufi vizuri, lakini ameyahesabu mambo manne kana kwamba yana thamani sawa kwa macho, na hapo ndipo alipoteleza. Tazama upana wa mawe hayo mawili. Yote yana takriban milimita 6.23, kwa maana kwamba yakiwa kidoleni hakuna mtu atakayetambua kwamba moja ni zito kuliko jingine. Jiwe la mviringo la karati 1.01 lililokatwa vizuri lilipaswa kukaribia milimita 6.45. Ile sehemu ya kumi ya karati unayoilipia imejificha chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Ukitaka kuhakikisha, gawanya kina kwa upana. Jiwe la kwanza linakupa takriban asilimia 66, na la pili asilimia 61.6. Kwa jiwe la mviringo mimi hupenda kina kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5 hivi, nikivuka hapo huanza kuuliza maswali. Soma pia mchoro wa pembeni ulio kwenye cheti: utakuta unene wa kiuno, yaani ule ukingo unaozunguka jiwe, pamoja na pembe ya sehemu ya chini. Nadhani kiuno cha jiwe la kwanza ni kinene. Nitajie na pembe.

Kijana_wa_Mkomani:
Shukrani sana, fundi. Cheti cha kwanza kimeandika pembe ya chini nyuzi 42.4, na kiuno kimeelezwa kuwa kinene. Cha pili kina nyuzi 40.8, na kiuno ni cha wastani.

Sonara_Malindi:
Basi mambo yamejieleza. Almasi hung'aa kwa sababu mwanga ulioingia kwa juu hugonga kuta za chini, ukarushwa ng'ambo ya pili, kisha ukamrudia mtazamaji. Pembe ya chini ikiwa karibu na nyuzi 41, mwanga mwingi hurudi. Ikizidi kuinuka kuelekea 43, sehemu ya mwanga hutorokea chini, na katikati ya jiwe panaanza kuonekana giza, kama mboni ya jicho. Rangi F haiwezi kuliondoa giza hilo, na VVS2 haiwezi pia, kwa sababu giza lenyewe si uchafu wala rangi, bali ni mwanga usiorudi.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba wapimaji hulilaza jiwe kifudifudi kwenye sinia jeupe, wakalilinganisha na mawe ya kigezo. Hakuna anayevaa pete kifudifudi. H iliyokatwa vizuri, ikizungukwa na dhahabu ya manjano, haitaonekana kuwa na rangi. Usafi nao hupimwa kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Dosari za VS2 kwa kawaida hazionekani kwa macho matupu, kwa hiyo kutoka VS2 kwenda VVS2 unalipia kitu ambacho mkeo hatakiona. Ungekuwa unashuka hadi SI2 ningekuonya, hasa cheti kikiwa na maelezo kwamba daraja limetokana na mawingu, yaani vidoa vidogo sana vilivyosongamana ndani ya jiwe, ambayo hayakuchorwa, maana jiwe kama hilo huweza kuwa na ukungu.

Bi_Kisimani:
Naomba niongeze yaliyonikuta hapa Malindi. Nilinunua pete ya nusu karati yenye cheti halali, na nilipoingiza namba yake kwenye Report Check, ukurasa wa GIA wa kuhakiki vyeti, kila kitu kilioana na karatasi niliyopewa. Nikatulia. Baada ya mwaka mmoja jino moja la pete likalegea, na fundi alipolitoa jiwe ili arekebishe, aliona afadhali alipime. Cheti kilisema milimita 5.09 hadi 5.12, lakini kalipa ilionyesha 4.80. Namba ambayo cheti kilisema imechongwa kiunoni haikuwepo. Cheti kilikuwa cha kweli, na jiwe lilikuwa almasi ya kweli, ila havikuwa vya ukoo mmoja. Aliyeniuzia alisema yeye naye aliuziwa hivyo hivyo.

Sonara_Malindi:
Bi Kisimani, pole sana, na kisa chako ni muhimu kuliko yote niliyoyaandika. Kuhakiki namba mtandaoni kunathibitisha karatasi tu. Jiwe huthibitishwa kwa kuisoma namba iliyo kiunoni kwa lenzi, kulipima kwa kalipa, na kuliweka kwenye mizani. Kijana, hii ndiyo faida ya mawe yako kutopachikwa bado: lile la 0.91 liwe na gramu 0.182, na la 1.01 liwe na 0.202. Likishapachikwa huwezi kulipima uzito, na jino la pete likikaa juu ya namba huwezi kuisoma. Mwambie fundi aiache wazi.

Kalamu ya kutambua almasi kwa joto usiitegemee peke yake. Hulitofautisha jiwe na kioo, lakini moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huipita mara nyingi, na kwa Bi Kisimani ingesema almasi, na ingekuwa sahihi. Jambo jingine ambalo cheti hakisemi ni bei. Hicho ni maelezo ya jiwe siku lilipopimwa, si tathmini ya thamani, wala hakihusu dhahabu iliyolizunguka.

Dafina:
Nimekubali kuhusu mwanga, lakini sijashawishika kuhusu uzito. Jiwe lililovuka karati moja lina bei yake sokoni. Siku akitaka kuuza atarudisha pesa yake, na 0.91 itabaki kuwa 0.91.

Sonara_Malindi:
Ni kweli kwamba bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe linapofika 1.00. Ndiyo sababu mkataji aliacha unene ule: angelikata kwa pembe zinazofaa lingeshuka chini ya moja. Lakini mnunuzi wa mtumba naye anasoma cheti, na ataona daraja la tatu la ukataji. Zaidi ya hayo, sijaona wengi wakirudisha bei ya dukani kwa jiwe lolote, dogo au kubwa. Kwa hilo tutatofautiana kwa wema.

Mzee_wa_Langoni:
Sasa nimeelewa, na ninaomba radhi kwa kukurupuka. Hata hivyo kuna jambo mnalipita. Mahari imetajwa mbele ya mashahidi kuwa karati moja. Hiyo ni haki ya binti, na si ya babake wala ya sonara. Ukimletea 0.91 bila ya kumweleza, umepunguza haki yake hata kama jiwe linawaka kama kurunzi. Ukimweleza naye akaridhia kwa hiari yake, basi yameisha.

Kijana_wa_Mkomani:
Mzee umenigusa mahali penyewe. Na binamu yangu ameniletea wazo la tatu, almasi iliyokuzwa maabara, ya karati moja na nusu kwa bei ya chini kuliko haya yote.

Sonara_Malindi:
Kwa kemia ni almasi, na kalamu haiwezi kuitofautisha. Inahitaji mashine za maabara. Cheti chake lazima kiseme wazi kwamba imekuzwa. Tangu mwaka 2025 GIA imeacha kuzipa almasi hizo herufi za rangi na usafi kama zile za mawe ya ardhini, na huziweka kwenye makundi mawili tu ya ubora. Bei zake zimekuwa zikishuka sana. Kama neno "almasi" lililotamkwa siku ya posa lilijumuisha hiyo, hilo si la sonara kulijibu.

Bi_Kisimani:
Kwangu mimi halikujumuisha. Wengine watasema limejumuisha. Muulize mwenyewe.

Kijana_wa_Mkomani:
Nimerudi baada ya siku nne. Nilikwenda Mombasa, nikaomba mawe yote mawili yatolewe nje ya duka, kwenye kivuli cha mlango, mbali na taa zile kali ambazo huking'arisha kila kitu. La kwanza lilikuwa na giza katikati, na nilipoliinamisha giza halikuondoka. La pili lilimeta hadi ukingoni. Mizani ilisema gramu 0.182, na namba ya kiunoni niliisoma mwenyewe kwa lenzi, ingawa ilinichukua muda mrefu kuipata.

Nimepeleka picha na vyeti kwa mwenzangu kupitia kwa shangazi yake, nikaeleza yote bila kuficha, pamoja na kwamba shilingi 260,000 zinazobaki nitamnunulia bangili za dhahabu ikiwa atapenda. Yeye ameridhia la pili. Ami yake bado anasema karati moja ni karati moja, na tumepangiwa kukaa tena Ijumaa baada ya Alasiri. Muuzaji amekubali kuniwekea jiwe hadi Jumatatu, na namba ya cheti imeandikwa kwenye risiti ya arubuni.