Skripti inaruka rekodi za soko la tumbaku, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

mtoto_wa_isevya:
Wakuu habari za mchana. Nipo Tabora, ofisi ya ushirika wa tumbaku. Tuna databesi ya Postgres inayopokea mauzo kutoka masokoni, halafu kuna nyingine ya ripoti ambayo wahasibu ndio wanaandalia malipo. Kila dakika 10 skripti yangu inavuta rekodi zilizobadilika tu, yaani inakumbuka updated_at kubwa kuliko zote iliyoiona safari iliyopita halafu inaomba zilizo juu ya hapo:

```sql
SELECT * FROM marobota
WHERE updated_at > :alama;
```

Sasa kuna marobota hayafiki kabisa upande wa ripoti na kwenye logi hakuna erori yoyote. Juzi mkulima wa Sikonge kaja na karatasi yake ya mauzo mkononi, kwenye databesi ya soko marobota yake yote yapo, kwenye ripoti hana hata moja. Nataka kubadilisha > iwe >= maana Ijumaa ni malipo. Mnasemaje?

bi_mizani:
Hapo kwenye > ndipo penyewe mdogo wangu. Rekodi mbili zikiwa na muda uleule, moja ikaingia kabla hujavuta na nyingine baada, ya pili unaikosa moja kwa moja. Mimi lilinikuta kwenye MySQL, DATETIME ya kawaida kule inaishia kwenye sekunde kwa hiyo muda unafanana kila saa. Weka >= na upande wa ripoti tumia ufunguo wa robota zisijirudie, utalala usingizi.

mkongwe_wa_seva:
Kabla hujabadilisha chochote nijibu mambo mawili. Zinapotea moja moja au karatasi nzima? Na programu ya soko inafungua muamala saa ngapi na kuufunga saa ngapi?

mtoto_wa_isevya:
Karatasi nzima mara nyingi. Updated_at inawekwa na triga, now() ya kawaida tu. Hilo la muamala sidhani kama linahusu mkuu, programu yenyewe inafanya kazi vizuri.

ujiji_kwetu:
Huku Kigoma tulikuwa na kitu kama hiki, ghala la mawese. Afisa alikuwa anaingia psql anarekebisha madumu kwa mkono na updated_at ilikuwa inawekwa na programu tu, kwa hiyo akirekebisha yeye muda hausogei na skripti haioni kitu. Tulihangaika tukidhani ni mtandao. Weka triga kaka.

mtoto_wa_isevya:
Triga ninayo, nimesema hapo juu.

mama_wa_asali:
Wanangu mnabishana alama za hesabu wakati hiyo ni jasho la mtu wa msimu mzima, kalima, kakausha, kafunga, halafu ripoti inasema hana kitu. Simamisha malipo ya karatasi zisizolingana kwanza, chukua jumla ya kilo kwa kila karatasi pande zote mbili uone. Mengine baadaye.

mkongwe_wa_seva:
Mama kasema kweli, fanya hivyo leo. Na endesha hii kwenye databesi ya soko utupe mstari wa kwanza:

```sql
SELECT updated_at, count(*)
FROM marobota
GROUP BY 1 ORDER BY 2 DESC LIMIT 5;
```

mtoto_wa_isevya:
```
2024-06-11 10:02:17.384512+03 | 187
```
Na hii ndiyo karatasi ya yule mkulima na wenzake.

reli_ya_kati:
Samahani, mimi nimekulia kwenye masoko ya tumbaku. Robota linabebwa, mteuzi analiangalia, linapanda mizani, linaandikwa. Leo unatuambia marobota 187 yameandikwa sekunde moja mpaka vipande vyake vinafanana? Huu uzi ni wa kutunga, ni kazi ya chuo mtu anataka afanyiwe.

bi_mizani:
Hata mimi nimeshtuka aisee.

mtoto_wa_isevya:
Sijatunga jamani. Ngoja niseme basi. Programu ya soko ni ya mkandarasi na bosi hataki iguswe, ndiyo maana sikutaka kuiingiza hapa. Karani akifungua karatasi programu inapiga BEGIN, marobota yanaingia moja moja kadiri yanavyopimwa, karatasi ikisainiwa ndiyo inapiga COMMIT. Inaweza kuchukua dakika 40, ubishi wa madaraja ukitokea hata saa nzima.

mkongwe_wa_seva:
Hapo sasa. Reli, shaka yako ni ya haki lakini jibu ndilo hilo: now() kwenye Postgres inatoa saa ya muamala ulipoanza, na haisogei mpaka muamala uishe. Marobota 187 ya dakika 40 yote yanabeba 10:02:17.

Fuatilia saa. 10:02 karatasi inafunguliwa. 10:10 skripti inavuta, hii karatasi haiioni kwa sababu haijafungwa, lakini inaona rekodi za soko lingine, ya mwisho ni 10:09:48, alama inakaa hapo. 10:42 karatasi inasainiwa. 10:50 skripti inaomba zilizo juu ya alama, ambayo kwa sasa imeshapita hata 10:30. Zile 187 zinaonekana kwa mara ya kwanza zikiwa na 10:02, chini ya alama. Hazitavutwa tena mpaka mtu aziguse. Na >= haisaidii, pengo lako ni la dakika 40.

mtoto_wa_isevya:
Basi nabadilisha triga iwe clock_timestamp(), kila robota lipate saa yake. Bosi nimeshamwambia nitamaliza leo.

mkongwe_wa_seva:
Usifanye hivyo. Robota la 10:05 bado litaonekana 10:42 na litakuwa limeachwa vilevile. Utakachopata ni nusu karatasi, yaliyopimwa mwanzoni yanapotea na ya dakika za mwisho yanafika, na hilo kulibaini ni kazi kuliko karatasi nzima kukosekana.

mtoto_wa_isevya:
Lakini angalau saa zitakuwa za kweli, na triga ni mali yetu sio ya mkandarasi.

mkongwe_wa_seva:
Saa za kweli kwa mkaguzi sawa, kwa kuvuta hapana. Baki na now() na acha alama isiwahi kupita muamala wa zamani zaidi ulio wazi. Soma hii kwanza, ndipo uvute, halafu jibu lake liwe alama ya safari ijayo, na safari hiyo ivute hata zilizo sawa na alama, sio zilizo juu yake tu, maana now() ya muamala ulio wazi ndiyo hiyohiyo xact_start yake:

```sql
SELECT min(xact_start)
FROM pg_stat_activity;
```

Ila angalia: mtumiaji wa kawaida haoni xact_start ya watumiaji wengine, inarudi tupu na min() inaziruka kimya kimya, unapata jibu zuri lisilo la kweli. Huyo wa skripti apewe pg_monitor.

mtoto_wa_isevya:
Anayesimamia seva hatoi ruhusa hiyo, nimemuuliza sasa hivi.

bi_mizani:
Basi rudi nyuma saa 3 kila ukivuta, ON CONFLICT DO UPDATE itapokea zinazojirudia. Mistari elfu chache haiumizi.

mkongwe_wa_seva:
Inafaa kwa Ijumaa, mradi hakuna karatasi inayokaa wazi zaidi ya saa 3. Karani akienda kula na karatasi iko wazi mpaka jioni, umerudi palepale. Kwa hiyo ule ulinganisho wa kilo aliosema mama uendeshe kila usiku, usiuache. Na zilizopotea mpaka leo vuta upya msimu wote mara moja.

reli_ya_kati:
Nimekuelewa, naondoa neno la kutunga. Ila swali: mkulima akikataa bei robota likafutwa kwenye karatasi iliyokwisha kusainiwa, hapo skripti itajuaje? Mstari haupo tena, updated_at yake itasomwa wapi?

mtoto_wa_isevya:
Hilo linatokea, na wanafuta kweli. Mkongwe upo?