Mtoto analowa jasho usiku ila mikono ya baridi, nimuongeze nguo au nimpunguzie?

Mama Kitinda:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri wa haraka maana usiku unaingia na sijui nifanye nini. Nina mtoto wa miezi minne, usiku analala vizuri tu, ila nikimshika mikono na miguu ni ya baridi kabisa, halafu nikimgeuza nakuta shingo imelowa na nywele za kisogoni zimeshikana kwa jasho. Nashindwa kuelewa anasikia baridi au joto. Leo nimeshatoa blanketi la pili la manyoya nimfunike. Nimuongeze tu, au kuna dawa ya jasho la watoto?

Mama Pacha:
Pole mwaya. Kanuni ni moja, mtoto avae nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, basi. Ila hiyo mikono ya baridi usiipuuze, mvike glovu na soksi nene. Na maji umpe vijiko viwili vitatu kabla ya kulala, mtoto anayetoka jasho anapungukiwa maji.

Mzee wa Busara:
Kina mama wa siku hizi kila kitu mnauliza kwenye simu. Zamani mtoto alifunikwa gubigubi na akakua. Mfunike mwanao, baridi ya kifua ikiingia haitoki.

Kiroboto:
Mzee, hao waliofunikwa gubigubi ndo nyie mnaotoka jasho mpaka leo kwenye kikao 😂

Nesi wa Zamu:
Dada, kabla hujagusa hilo blanketi nijibu vitu vitatu. Mtoto amevaa nini sasa hivi, anza na kilicho kwenye ngozi mpaka cha juu. Analala wapi. Na nyie watu wazima humo chumbani mnalala mmejifunika nini.
Maji asipewe, chini ya miezi sita ni maziwa tu, kukiwa na joto anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Baba Wawili:
Wangu wa kwanza alikuwa hivo hivo, tukahangaika mpaka tukanunua hita, hita yenyewe ikatuletea balaa la umeme, mwisho wa siku mtoto alikuwa anataka tu kubebwa. Siku hizi yuko darasa la tatu anacheza mpira. Usiogope dada.

Mama Kitinda:
Asanteni. Amevaa kawaida tu, nguo za mtoto.

Nesi wa Zamu:
Kawaida ndo nini? Zitaje.

Mama Kitinda:
Sawa. Fulana ya ndani, juu yake nguo ya kulalia ya mikono mirefu yenye miguu, halafu sweta ya kufuma, kofia ya sufu, glovu, soksi jozi mbili. Halafu blanketi lake. Analala katikati yetu kitandani, hatuna kitanda kingine. Sisi tunajifunika shuka, baba yake hata hilo shuka usiku analitupa. Lakini naomba mnielewe, sikujitungia, hospitali ndo walisema asikose kofia na afunikwe vizuri asipoteze joto. Na mama mkwe akishika miguu ya baridi ananisema mimi. Ndo maana nilitaka kuongeza na lile blanketi la pili, angalau mikono ipate moto.

Mama Pacha:
Heee! Zote hizo na blanketi? Mimi nilisema moja zaidi jamani, sio duka zima.

Nesi wa Zamu:
Tuanze na mikono kwa sababu ndo inayokudanganya. Mtoto mchanga damu yake inahudumia kwanza kifua, tumbo na kichwa. Mikono na miguu inapata kidogo, kwa hiyo inakuwa ya baridi, wakati mwingine hata inakuwa na rangi ya samawati kidogo, na mtoto yuko salama salimini. Ukivisha nguo kwa kufuata mikono utaongeza mpaka asubuhi na itabaki baridi, huku katikati anapikika. Shika nyuma ya shingo au ingiza vidole kifuani chini ya nguo. Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, amevaa sawa. Pakiwa na moto na unyevu, zimezidi, hata kama vidole ni vya baridi kiasi gani. Pakiwa pa baridi kifuani, hapo ndo unaongeza.
Jibu lako liko shingoni na umeliandika mwenyewe. Baba mtu anatupa shuka, mtoto ana nguo tatu na blanketi na yuko katikati ya miili miwili ya watu wazima, na kila mwili unatoa joto.
Na kofia: mtoto aliyevaa mwili mzima sehemu kubwa ya joto anaitolea kichwani na usoni. Ukifunika kichwa akiwa amelala ndani ya nyumba umeziba mlango wa kutokea joto, na sufu ikishuka usoni hawezi kuitoa.
Swali langu ni moja, hospitali walikuambia lini hayo ya kofia?

Mama Kitinda:
Wakati tunaruhusiwa. Lakini wao ndo wataalamu, sasa nawasikiliza wao au nawasikiliza watu wa humu? Hata kliniki juzi waliandika anaendelea vizuri, wakasema kwa miezi miwili na kidogo amekua sana, kilo 5.1.

Jicho la Tatu:
Wakuu simameni hapo. Juu kaandika mtoto ana miezi MINNE. Hapa ana miwili na kidogo. Hospitali gani inamwambia mama amvike mtoto mkubwa kofia ya sufu usiku kwenye joto ambalo watu wazima wanatupa shuka? Hii ni chai. Kila wiki kuna uzi wa kichanga humu, watu wanatoa machozi halafu mwenye uzi anapotea.

Kiroboto:
Chai ya tangawizi kabisa.

Baba Wawili:
Hata mimi nilijiuliza, ila nikaona aibu kusema.

Mzee wa Busara:
Uongo juu ya mtoto ni dhambi kubwa.

Mama Kitinda:
Nimelia kusoma hivi. Situngi. Mwanangu ni njiti, nilijifungua wiki ya 33, alikuwa na kilo 1.8. Kazaliwa miezi minne iliyopita, lakini kliniki wanahesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, ndo hiyo miwili na kidogo. Sikusema mwanzo kwa sababu nikisema njiti watu wanaanza kuniuliza nilikula nini, nilibeba nini kizito. Nimechoka na hayo maswali.

Nesi wa Zamu:
Jicho la Tatu, hesabu yake imekaa sawa. Njiti ana umri wa aina mbili, na wiki saba alizowahi ndo hiyo tofauti unayoiona.
Dada, hapa sasa nimekuelewa, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Nimefanya kazi wodi ya njiti. Mtoto wa kilo 1.8 ngozi ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi hana, hawezi kutetemeka kama sisi, na kwa udogo wake joto linamkimbia haraka sana. Kofia, soksi, kumuweka kifuani kwako kangaruu, vyote vilikuwa sahihi kabisa na ulifanya vizuri kuvifuata. Waliokuambia hawakukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kukuambia unaacha lini. Sasa ana kilo 5.1, ana mafuta, anajitengenezea joto lake. Maagizo ya kilo 1.8 yamebaki kwenye mwili wa kilo 5. Na ujue njiti ndo walio kwenye hatari zaidi ya kile kifo cha ghafla usingizini, na joto kupita kiasi linaongeza hatari hiyo. Kwa hiyo yeye hasa ndo wa kuangalia asizidishiwe. Nakusihi sana usiku huu.
Una kipimajoto?

Mama Kitinda:
Ninacho, cha kwapani. Nimempima sasa hivi akiwa na nguo zote, 37.8. Ni homa??

Nesi wa Zamu:
Vua kofia, glovu, sweta, toa blanketi. Abaki na fulana na ile nguo ya kulalia, soksi zipo kwenye nguo yenyewe zinatosha. Mnyonyeshe. Subiri dakika ishirini upime tena, usimmwagie maji wala usimpepee feni usoni. Ikishuka ilikuwa ni nguo. Ikibaki hapo hapo au ikifika 38, unaenda hospitali usiku huu huu. Chini ya miezi mitatu homa ya 38 hatuingojei asubuhi, na kwa njiti mimi nahesabu ule umri mdogo ili niwe upande wa usalama.

Mama Pacha:
Na hizo glovu usizirudishe, mimi nimebadilisha mawazo. Wa dada yangu uzi wa ndani ya glovu ulijisokota kwenye kidole, kikavimba kikawa chekundu, mtoto analia usiku kucha watu wanasema tumbo.

Mama Kitinda:
Nimerudi. Amenyonya, nimepima, 37.1. Shingo imekauka. Nimeona na vipele vidogo vidogo vyekundu kwenye mikunjo ya shingo na kifuani, nilidhani ni mzio. Nimpake poda?

Nesi wa Zamu:
Alhamdulillah. Hiyo ni harara, jasho limeziba kwenye ngozi. Poda hapana, vumbi lake analivuta. Futa kwa kitambaa chenye maji, kausha mikunjo, acha ngozi ipumue, siku chache itaondoka yenyewe.

Jicho la Tatu:
Dada samahani. Nimesoma nyuzi nyingi za uongo humu, nikakuweka kundi moja nao. Mungu amkuze.

Mama Kitinda:
Imepita. Ila saa kumi alfajiri huku baridi inashuka kweli, naogopa kumuacha na nguo mbili mpaka asubuhi. Nikilala nikapitiwa je?

Nesi wa Zamu:
Hofu yako ina msingi, lakini usimvike saa tatu usiku nguo za saa kumi alfajiri. Mvalishe kwa joto lililopo. Ukiamka kunyonyesha, na kwa umri huu utaamka tu, shika kifua. Pakiwa pamepoa ongeza nguo moja, au mfuko wa kulalia mwepesi wa pamba unaofungwa mabegani bila kufunika mikono wala kichwa. Nguo ya mwilini ni bora kuliko blanketi kwa sababu haipandi usoni. Akiwa na baridi kweli mara nyingi ataamka alie. Anayezidiwa na joto ndo anaweza kulala tu usingizi mzito, huyo ndo anayenitisha.
Kuhusu kitanda sitakuficha, kwa njiti katikati ya watu wawili sipapendi kabisa. Hata godoro dogo gumu pembeni yenu, lisilo na mto wala blanketi, ni afadhali.

Mama Kitinda:
Godoro dogo kwa sasa hatuna, nitaongea na baba yake mwezi ukiisha. Leo baba yake atalala chini. Mama mkwe ndo sijui namwambiaje, ameshaulizia kofia iko wapi.

Mama Pacha:
Mimi nina mama mkwe wa hivo hivo, kofia nilikuwa naifua kila siku jioni ili iwe imelowa 😅

Nesi wa Zamu:
Mwite aingize mkono wake mwenyewe kwenye shingo ya mjukuu, kwanza akiwa na kofia na sweta, halafu tena ukivua. Wengi wanaelewa wakigusa kuliko wakiambiwa na mkwe. Na wewe usiku pima mara moja zaidi. Ikiwa chini ya 36.5 na amevaa, muweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi ukiwa macho, upime tena baadaye. Isipopanda, au akiwa mlegevu hataki kunyonya, hiyo si habari ya nguo tena, mpeleke.

Baba Wawili:
Nesi swali dogo, na mchana ukimbeba mgongoni na blanketi juu yake, hapo unahesabu nguo ngapi?

Nesi wa Zamu:
Mgongo wako nao ni nguo, tena nzito. Punguza moja kwenye mwili wake, na uso na pua vionekane.