Mrejesho: Uwiano wa 2.6, lakini bili hazilipiki

Niliuliza: "Duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi lina mali za muda mfupi milioni 36 na madeni ya muda mfupi milioni 14. Uwiano ni 2.6, mbona bili zinashinda?"

Wakuu, asanteni. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye mkopo. Milioni 18 za miaka mitatu ziliandikwa zote kama deni la muda mrefu, kumbe milioni 6 za mkopo wenyewe, bila riba, zinalipwa ndani ya miezi 12 na zinahesabika kama deni la muda mfupi. Madeni yakawa milioni 20, uwiano 1.8, na mtaji wa uendeshaji, yaani mali za muda mfupi ukitoa madeni ya muda mfupi, ukashuka kutoka milioni 22 hadi 16.

Kisha ikaja stoo. Katika mzigo wa milioni 24, milioni 8 ni marumaru za rangi zilizopitwa na wakati, pamoja na rangi za kopo zilizoanza kuganda. Kwenye daftari la wadaiwa, milioni 4 kati ya 9 zina zaidi ya miezi sita. Mafundi wanaodaiwa wenyewe simu hawapokei. Ukiziondoa hizo 12, zinabaki 24 dhidi ya 20: uwiano 1.2, mtaji wa uendeshaji milioni 4.

Hata hiyo 1.2 haisemi tarehe. Wasambazaji wanadai milioni 12 ndani ya siku 30, wakati taslimu ni 3 na wadaiwa wazuri 5. Saruji inatoka wiki mbili, marumaru miezi minne. Pengo la milioni 4 lazima litoke kwenye saruji na nondo, kwa mauzo ya taslimu tu.