Naomba ushauri: picha ya bibi naigeuza katuni, kivuli kinameza macho

Wakuu habari, niko Dodoma huku Nkuhungu, nina picha ya bibi nilimpiga saa saba mchana nje kwake, nataka iwe kama katuni za zamani, rangi bapa, kivuli chenye ukingo mkali na laini nyembamba. Natumia GIMP. Nilianza na Posterize kwenye 4, mashavu yakatoka mabaka ya kijani, kumbe inakata nyekundu, kijani na bluu kila moja kivyake, basi rangi sasa napaka mwenyewe. Kivuli nakopi leya, natoa rangi, napiga Median Blur ndo Threshold, ila kwenye 127 uso wote unakuwa mweusi maana bibi ngozi yake ni nyeusi, nikishusha hadi 70 shavu linafunguka vizuri lakini kivuli cha kilemba bado kinafunika macho. Macho niyatenge yapate Threshold yake au niyaangaze kwanza kwa Dodge?

Na laini jamani, Difference of Gaussians inachora kila kunjo la paji, anaonekana kazeeka kuliko alivyo, mimi nataka yabaki yale mawili ya pembeni ya mdomo anapocheka. Mnaochora kwa Paths, picha ya pikseli 2000 mnaweka unene gani?