Naomba ushauri: msambazaji "amebadilisha" akaunti ya benki

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu wa ghala moja hapa Kizota, Dodoma. Mafuta ya alizeti tunayachukua Singida.

Jana imeingia barua pepe yenye jina la msambazaji wetu: akaunti yao iko kwenye ukaguzi, ankara ya shilingi 8,400,000 ilipwe kwenye akaunti mpya kabla ya saa tisa, na tusipige simu kwa sababu bosi wao yuko kikaoni. Hilo la simu ndilo lililonishtua. Nikaitazama anwani kwa utulivu: penye herufi m wameweka r na n zilizobanana. Ukiwa na haraka huoni kabisa.

Jibu nimeliandaa. Sitabonyeza Reply, nitaandika upya anwani iliyo kwenye mkataba:

"Tumepokea ombi la kubadili akaunti. Malipo tumeyasimamisha. Tutawapigia kwa namba iliyo kwenye mkataba ili kuthibitisha."

Namba ya akaunti ya zamani sikuitaja, makusudi. Ila kama mwizi yumo ndani ya barua pepe yao halisi, si atalisoma? Nipige simu kwanza, niandike baadaye? Meneja anasubiri kusaini leo.