Gumzo la Ukoo: Boti ya Cherehani ya Bibi

JUMATANO

[19:42] Shangazi Mwanaisha: Assalam aleikum nyote. Boti ya cherehani ya Bibi imevunjika ncha. Imeanguka sakafuni leo baada ya alasiri. Foronya za arusi ni 24, ameshona 6 tu. Nimezunguka Mtaa wa Biashara mpaka miguu yawaka, nikapita Mwembe Tayari, kila duka lina vifaa vya Butterfly peke yake. Nani ana mtu Mtwapa, Kilifi, Mariakani au Ukunda? Naomba majibu usiku huu.

[19:58] Omari: Boti imevunjika? Basi tupande feri 😂

[20:03] Shangazi Mwanaisha: Omari, si wakati wake.

[20:15] Kaka Swaleh: Shangazi usijisumbue. Bobini zote ni moja. Chukua ile ya duara ya Butterfly, ni bei ndogo.

[20:40] Mariamu: Yangu pia yaruka nyuzi, ile ya umeme. Nimebadilisha sindano mara mbili. Na yangu ni boti?

[20:41] Shangazi Mwanaisha: Mariamu mwanangu, yako tutaizungumza baadaye.

[21:26] Zuhura (Bamburi): Wa aleikum salaam. Shangazi pole, nilikuwa na mteja. Kaka Swaleh, sivyo. Ya Bibi ni Singer ya zamani aina ya 127. Bobini yake si ya duara, ni kijiti kirefu chembamba chenye visahani viwili mwishoni, na hukaa ndani ya boti iliyochongoka kama risasi. Hiyo boti huenda mbele na nyuma chini ya sindano. Butterfly yafuata Singer aina ya 15, bobini yake ya duara hukaa kwenye kijumba chake cha duara. Hata ukiilazimisha haina pa kukaa.

[21:29] Zuhura: Mwenye duka asipokuelewa mwambie hivi: cherehani yenye vibati viwili vya kuteleza, kimoja mbele ya mguu wa kukanyagia kitambaa na kimoja nyuma. Ukivuta cha mbele waiona boti imelala. Fundi wa zamani atajua papo hapo. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza miaka mingi, kwa hivyo duka la vitu vipya watakwambia hakuna. Tafuta mafundi wanaonunua cherehani mbovu na kuzitoa vifaa.

[21:34] Shangazi Mwanaisha: Umesikia Rehema? Wewe uko Kilifi. Nyuma ya soko kuna wale mafundi. Rehema?

[21:50] Shangazi Mwanaisha: Rehema???

[22:10] Omari: Mimi nina rai. Tununue kichwa kizima cha Butterfly tukiweke juu ya meza ya Bibi. Miguu ile ile, mkanda ule ule, boti kwaheri.

[22:18] Zuhura: Hapo kweli amesema kitu. Ya Bibi ni ile kubwa, na kitako cha Butterfly ni kipimo hicho hicho, bawaba za meza zitaingia kwenye matundu yake. Mkanda huenda ukahitaji kukatwa kidogo. Kama hatutapata boti, hiyo ndiyo badala iliyo karibu zaidi.

[22:20] Kaka Swaleh: Basi nilikuwa sawa. Butterfly.

[22:21] Zuhura: Kichwa kizima, kaka. Si bobini.

[22:25] Shangazi Mwanaisha: Swaleh, wewe wa mwisho kusema. Boti ya akiba ilikuwako. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza, ndani ya kopo la chai, pamoja na bobini tano. Ile cherehani ilipotoka Kisauni mwaka 2014 ilirudi bila mtoto wa meza.

[22:27] Kaka Swaleh: Shangazi, tumelirudia hili mara ngapi.

[22:28] Shangazi Mwanaisha: Mpaka mtoto wa meza arudi.

ALHAMISI

[06:12] Ami Mkubwa: Assalam aleikum. Nimesoma yote. Hii cherehani baba aliinunua mimi sijazaliwa, na sisi sote tumevaa kanzu zilizotoka hapo. Kichwa hakibadilishwi maadamu mama yu hai na mkono wake waizungusha. Tafuteni boti. Na wewe Swaleh, usibishane na shangazi yako usiku mbele ya watoto. Nenda Kisauni ukamuulize yule mtu kwa adabu.

[06:40] Omari: Ndio ami. Nisamehe.

[09:05] Shangazi Mwanaisha: Tumesikia ami. Swaleh?

[13:31] Rehema (Kilifi): Shangazi samahani, simu ilikuwa imezima chaji. Nimekwenda sokoni. Duka la kwanza waliniletea bobini ya duara. La pili wakacheka. Kuna mzee mmoja ana kibanda cha kushona, ana kopo limejaa vyuma. Amenitolea boti moja, imetoka kwa cherehani iliyokufa. Anataka 1,500. Na bobini ndefu mpya anazo, 100 kila moja. Ninunue?

[13:33] Shangazi Mwanaisha: NUNUA

[13:36] Zuhura: Ngoja dada! Usilipe kwanza. Pitisha ukucha taratibu kwenye ile ncha, kuanzia mwilini kwenda mbele. Ukucha ukikwama pana kijino, na hicho kitakata uzi. Kijino kidogo chaondoka kwa msasa laini sana. Lakini ncha ikiwa butu au imepinda, iache. Ncha ndiyo huingia kwenye kitanzi kinachoachwa na sindano. Isipoingia, mshono utaruka, na Bibi atadhani kosa ni lake.

[13:52] Rehema: Ukucha haukukwama. Nadhani.

[13:55] Zuhura: Sasa tazama ubavuni. Pana kibati chembamba kilichoshikwa na skrubu ndogo. Kipo?

[14:07] Rehema: Kibati kipo. Skrubu siioni, kuna tundu tu.

[14:11] Zuhura: Aa. Hiyo skrubu ndiyo huubana uzi wa chini. Bila yake uzi watoka ovyo, na chini ya kitambaa kwajaa vitanzi. Muulize mzee kama anayo. Na ya Bibi iliyovunjika, skrubu yake ipo bado, shangazi?

[14:30] Shangazi Mwanaisha: Naitazama hapa na miwani. Ipo. Ndogo kama mbegu ya ufuta.

[14:33] Zuhura: Usiifungue wewe! Ikidondoka imekwenda. Nitakuja mwenyewe na bisibisi ya saa, niihamishe. Rehema, mwambie mzee apunguze kwa sababu ya hiyo skrubu. Na hizo bobini mpya, itie moja ndani ya boti uizungushe kwa kidole. Nyingine visahani vyake ni vinene, zakwama. Chukua inayozunguka yenyewe.

[15:20] Mariamu: Zuhura, na yangu je, ya umeme?

[15:48] Rehema: Bobini tatu nimezitia, mbili zakwama. Moja yazunguka vizuri. Mzee amekubali 1,200 lakini hataki kuniwekea mpaka kesho, asema yuko mwingine ameulizia. Mimi nina 700.

[15:50] Shangazi Mwanaisha: Watu 31 humu ndani. Mia tano na ya bobini.

[16:22] Shangazi Mwanaisha: Naona alama za buluu. Mumesoma.

[16:40] Omari: Nimemtumia Rehema 300.

[17:02] Rehema: Nimeipata, ahsante. Kibanda hufungwa magharibi.

[17:05] Zuhura: Natuma 300 nikimaliza nguo hii. Boti nani ataileta? Mimi Bibi naweza kumfikia Jumamosi, si kabla.

[17:09] Rehema: Mimi nashuka Mombasa Jumapili.

[17:10] Shangazi Mwanaisha: Jumapili! Foronya 18!

[17:31] Kaka Swaleh: Niko Kisauni. Nyumba ile kuna wapangaji wapya. Wameniambia mwenyewe alihamia Mtwapa, wamenipa namba ya mwanawe. Napiga, haishikwi.

[17:33] Ami Mkubwa: Endelea kupiga.

[17:58] Shangazi Mwanaisha: Rehema, ushalipa? Zuhura ushatuma?