Wakuu, kaulimbiu ya gari la kunyonya vyoo, naomba msaada kabla ya Ijumaa

Mtafsiri wa Tandika
Habari za jioni wakuu. Kuna kampuni ya magari ya kunyonya majitaka hapa Dar imenipa kazi, bosi wao ana kaulimbiu ya Kiingereza anaipenda sana, kwamba wao ni namba moja kwenye biashara ya namba mbili. Kwa Kiingereza namba mbili ni lugha ya kitoto ya kutajia haja kubwa, ndo utani wenyewe ulipo. Nikaandika hivyohivyo "Namba moja kwenye biashara ya namba mbili" nikamsomea dereva bodaboda wa kijiweni, akaniuliza wanauza nguo za gredi ya pili au wanatengeneza namba za magari? Nikajua nimefeli. Inapakwa ubavuni mwa tenki Ijumaa, nifanyeje?

Kifaru77
Mkuu mimi la kwangu fupi, achana na utani. Waswahili choo hatukitanii hadharani, gari linapita mbele ya msikiti na watu wakiwa wanakula kwa mama ntilie. Andika "Huduma bora za majitaka" basi.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Kaka Kifaru umegusa kitu lakini umekimalizia vibaya. Tunatania sana, ila kwa kufumba. Hebu mwanangu Mtafsiri angalia kile Kiingereza kinafanya nini: kinajisifu, kinataja kinyesi bila kukitaja, halafu maneno mawili yanagongana. Hizo namba ni chombo tu, zitupe. Tafuta neno letu lenye sura mbili, nalo unalo umelitamka mwenyewe hapo juu. HAJA. Nina haja nawe, na naenda haja. Hata darasani madrasa huku Unguja tunafundishwa adabu za kukidhi haja na hakuna anayeona haya, kwa hiyo mbele ya msikiti linapita salama.

Mtafsiri wa Tandika
Shikamoo Bi Mkubwa, umenifungua macho! Basi "Tunakidhi haja yako kubwa", imekaaje?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Marahaba. Hapana mwanangu 😂 anayekidhi haja ndiye anayechuchumaa. Hapo umeandika kuwa vijana wa kampuni ndio wanaokwenda chooni, tena kwa niaba ya mteja.

Dada Sinza
Samahani natoka nje kidogo, hayo magari bei zikoje siku hizi maana shimo letu limejaa na tuko wapangaji sita mwenye nyumba hapokei simu, na gari haliingii kwenye uchochoro mpaka waunge mipira

Chuma cha Pua
Dada Sinza weka uzi wako. Mimi nachora magari, nasema hivi: "Wewe jisaidie, sisi tutakusaidia". Kwisha.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Hiyo nzuri, ila itategemea inasomwa wapi. Kwenye tenki lenye mpira mnene nyuma, mtu anacheka hapohapo. Kwenye kadi au redioni, atadhani ni watu wa mikopo. Mimi ningeandika:

HAJA YAKO KUBWA, KAZI YETU NDOGO

Hesabu mizani, sita kwa sita. Kubwa na ndogo zinagongana kama zile namba zao zilivyogongana, na majivuno yapo, maana shida yako nzito kwetu ni nyepesi. Usitie "ni" katikati, mizani itavunjika.

Kifaru77
Hii hata mimi nimecheka. Lakini mteja atasema kama kazi ni ndogo punguza bei.

Mombasa Raha
Huku kwetu haja kubwa inaeleweka vizuri, hata mzee aliyeketi barazani atacheka. Ila mkileta Nairobi sijui, vijana kule wamekulia shule za Kiingereza, hiyo namba mbili wengine wanaijua.

Mtafsiri wa Tandika
Wakuu mrejesho. Leo nimewasomea watu watano pale kituoni bila kuwaambia ni tangazo la nini, nikawauliza hawa wanafanya kazi gani. Ile ya haja, wanne wamejibu vyoo na watatu wamecheka kabla sijamaliza, mmoja kasema mganga wa kienyeji. Ile ya jisaidie, watatu wamesema vikoba. Bosi naye akataka nimrudishie kwa Kiingereza aone, nikamrudishia neno kwa neno akasema mbona haichekeshi, ikabidi nimpigie nimweleze sura mbili za haja na kwa nini namba zimeondoka. Kacheka, kakubali ya haja, ila kang'ang'ania iandikwe "kazi yetu rahisi" kwa sababu ya hilo la bei alilosema Kifaru. Bi Mkubwa, rahisi si inaua mgongano na kubwa?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Inaua, na mizani inakuwa saba. Tena rahisi ni bei chee vilevile, kwa hiyo hilo alilolikimbia analikuta mbele. Mwambie hivyo kabla rangi haijafunguliwa.